Seva ya Git ya Timu Ndogo: Je, Unaweza Kuifufua?

Tarehe 22 Machi 2013, mafundi wa KDE, mradi wa programu huria unaojulikana sana kwa watumiaji wa Linux, waliiwasha tena seva yao baada ya matengenezo ya usalama na kukuta mafaili yake yameharibika. Seva hiyo ilikuwa ghala kuu la kazi yao, lenye hazina za msimbo zipatazo 1,500. Mwanzoni hali haikuonekana ya kutisha, kwa sababu kulikuwa na seva nyingine kadhaa zilizokuwa zikivuta nakala kutoka hapo mara kwa mara. Lakini seva hizo zilitii amri zilizopewa. Zilisoma orodha ya hazina kutoka seva kuu, zikaikuta imevurugika, zikachukulia kwamba hazina zisizoonekana humo zimeondolewa, nazo zikafuta za kwao. Walichoponea ni seva moja mpya iliyokuwa na nakala nzima ya kabla ya uharibifu.

KDE walikuwa na nakala nyingi, lakini zote zilikuwa zikimfuata mkubwa wao hata alipopotea. Timu ya watu sita au saba yenye seva yake ya Git ofisini inaweza kukutwa na jambo hilohilo, tena bila seva mpya ya kuiokoa. Ndiyo maana swali la kumwuliza anayesimamia seva ya aina hii ni moja: ukipewa mashine tupu saa hii, unaweza kuirudisha timu kazini kabla ya jua kuzama? Usimamizi wa watumiaji, nakala rudufu na upandishaji wa matoleo, yote matatu hupimwa kwa swali hilo.

Kilichomo ndani ya seva

Git ni programu ya kutunza historia ya msimbo. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na leo karibu kila mtengeneza programu anaitumia. Hurekodi kila badiliko, nani alilifanya na lini, na kila mtu hubaki na historia nzima kwenye kompyuta yake. Seva ni mahali pa kukutania: kila mmoja hupeleka kazi yake hapo kwa amri ya `git push` na kuchukua ya wenzake kwa `git pull`.

Timu nyingi hukodi huduma hiyo kwa makampuni makubwa ya nje. Kuna sababu nzuri za kuwa na seva yako. Mkataba na mteja unaweza kutaka msimbo usitoke nchini. Tena tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilidorora vibaya. Timu ambayo seva yake imo ndani ya jengo lao ingeweza kuendelea kupelekeana kazi kupitia mtandao wa ofisi.

Tuichukue timu ya watu saba wanaotengeneza programu ya mauzo ya maduka. Wameweka Forgejo, programu huria iliyotokana na Gitea mwaka 2022, ambayo nayo ilitokana na Gogs mwaka 2016. Ni faili moja la programu na kanzidata ndogo ya SQLite, na kompyuta yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu inawatosha watu saba bila shida.

Ndani ya seva hiyo mna vitu vya namna tatu, na kila kimoja kinakaa pake. Kwanza kuna hazina zenyewe za msimbo, ambazo ni folda za kawaida kwenye diski. Pili kuna kanzidata: majina ya watumiaji, ruhusa zao, tiketi za hitilafu, maombi ya kuunganisha kazi na mijadala yote iliyofanyika juu yake. Tatu ni mipangilio, ambayo katika seva hii imo kwenye faili la `/etc/forgejo/app.ini`. Humo ndani kuna mstari unaoitwa `SECRET_KEY`, nao ndio unaofunga siri zilizomo kwenye kanzidata, zikiwemo za uthibitisho wa hatua mbili. Kanzidata bila ufunguo huo ni pungufu.

Watu husema, "Msimbo tunao sote kwenye kompyuta zetu, tutapoteza nini?" Jibu ni kwamba historia ya msimbo tu ndiyo iliyoko kwao. Mazungumzo ya miaka mitatu kuhusu kwa nini hesabu ya VAT ilibadilishwa hayamo kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Yamo kwenye kanzidata.

Nani anaingia, na kwa mlango gani

Jambo la kwanza baada ya kuiweka seva ni kuzuia watu kujiandikisha wenyewe. Seva iliyo wazi kwenye intaneti haichukui muda kujaa akaunti za walaghai wanaotafuta mahali pa kuweka matangazo yao. Mistari miwili ya mipangilio inatosha:

```
[service]
DISABLE_REGISTRATION = true
REQUIRE_SIGNIN_VIEW = true
```

Wa kwanza unafunga usajili, kwa hiyo akaunti hufunguliwa na msimamizi peke yake. Wa pili unamtaka kila anayetaka hata kuangalia aingie kwanza kwa jina lake.

Ruhusa zitolewe kwa vikundi, si kwa mtu mmojammoja. Timu yetu ina vikundi vitatu: wasomaji, waandishi na wasimamizi. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaingia kwenye wasomaji, na akimaliza mwezi wa kwanza anahamishiwa kwa waandishi. Tawi kuu la msimbo, lile linalokwenda kwa wateja, hufungwa ili hata mwandishi asilipelekee kazi moja kwa moja. Lazima apitie ombi la kuunganisha, na mwenzake alikague. Kufunga huko pia kunazuia `git push --force`, amri inayoweza kuifunika historia ya watu wengine kwa mkupuo mmoja.

Kupeleka kazi kwa kawaida hufanyika kwa SSH. Kila mtu anatengeneza jozi ya funguo kwenye kompyuta yake, anabaki na ule wa siri na kuipa seva ule wa umma. Hapa pana jambo ambalo wasimamizi wengi hawalijui mpaka siku ya matatizo. Wote saba huingia kwenye mashine kwa jina moja la `git`. Seva huwatofautisha kwa faili la `authorized_keys`, ambamo kila ufunguo una mstari wake. Kwa kifupi unakuwa hivi:

```
command="/usr/local/bin/forgejo --config=/etc/forgejo/app.ini serv key-4",restrict ssh-ed25519 AAAA...
```

Yule `key-4` ndiye mtu. SSH ikiutambua ufunguo, haimpi mgeni uhuru wa kuandika amri anazotaka kwenye mashine. Inaiita Forgejo na kuiambia kwamba mwenye ufunguo namba 4 amefika, nayo Forgejo inaangalia kwenye kanzidata kama anaruhusiwa. Faili hilo huandikwa na Forgejo yenyewe, kwa hiyo usilihariri kwa mkono. Kumbuka pia kwamba linakaa kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji `git`, nje ya folda ya data. Tutalirudia.

Kazi ngumu zaidi ya usimamizi wa watumiaji huja mtu anapoondoka. Kumfungia akaunti ni rahisi: msimamizi anaweka alama moja, na kuanzia hapo nenosiri lake, tokeni zake na funguo zake za SSH hukataliwa. Kosa linalofanyika ni kuishia hapo. Katika miaka yake miwili, huenda aliweka ufunguo wa kupelekea programu kwenye hazina fulani, ule unaoiwezesha mashine ya mteja kuvuta msimbo yenyewe. Ufunguo wa namna hiyo ni mali ya hazina, si ya mtu. Akaunti ikifungwa, wenyewe unaendelea kufanya kazi, na kama nakala ya siri yake ilibaki kwenye kompyuta yake, bado anaingia. Kwa hiyo fungua mipangilio ya kila hazina, angalia funguo hizo, futa usioujua mwenyewe, na usiruhusu wowote kuandika isipokuwa pale panapohitajika kweli. Halafu angalia kama jina lake halina njia ya kuingia kwenye mashine yenyewe, kwa sababu mwenye uwezo wa `root` anapita juu ya ruhusa zote za Forgejo.

Nakala rudufu: kila kitu kwa wakati mmoja

Nakala rudufu ya seva ya Git lazima ichukue vitu vyote vitatu, tena vya wakati uleule. Tuseme kanzidata imenakiliwa saa nane usiku na hazina zimenakiliwa dakika kumi baadaye, na katikati mtu ameunganisha kazi. Ukirudisha nakala hizo, msimbo utaonyesha kazi imeshaunganishwa huku kanzidata ikidai ombi bado liko wazi. Zaidi ya hapo, faili la SQLite likinakiliwa huku linaandikwa linaweza kutoka limeharibika bila onyo lolote.

Timu ndogo ina bahati ya kuweza kutumia njia iliyonyooka: kusimamisha huduma kwa dakika chache usiku wa manane. Chombo kizuri cha kazi hii ni restic, programu huria inayosimba nakala kwa nenosiri na kupeleka yale tu yaliyobadilika:

```
systemctl stop forgejo
restic backup /var/lib/forgejo /etc/forgejo /etc/ssh
systemctl start forgejo
```

Folda ya kwanza ina hazina na kanzidata, ya pili ina mipangilio na ule ufunguo wa siri. Ya tatu ina funguo za utambulisho wa mashine. Ukiziacha, siku ya kuhamia mashine mpya kila kompyuta ya timu itakataa kuunganishwa na kutoa onyo la `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`, na watu watazoea kulipuuza onyo ambalo siku nyingine linaweza kuwa la shambulio la kweli.

Nakala ziende kwenye mashine nyingine, na angalau moja iwe nje ya jengo. Muhimu kuliko hilo, ziwe na historia. Agiza restic itunze za siku 7, za wiki 5 na za miezi 12:

```
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 12 --prune
```

Amri hii ndiyo tofauti kati ya nakala rudufu na kile kilichowakuta KDE. Hazina iliyoharibika Jumatatu na kugunduliwa Ijumaa bado ina nakala nzima ya Jumapili. Na amri ya kufuta iendeshwe kutoka kwenye mashine inayotunza nakala, huku seva yenyewe ikipewa ruhusa ya kuongeza tu. Vinginevyo anayeivunja seva atafuta na nakala zake.

Kisha lazima ujue siku nakala ziliposimama. Angalia zile amri tatu: hata ya pili ikishindwa, ya tatu itafanikiwa, na huduma itaamka asubuhi kana kwamba mambo ni shwari. GitLab waliyaona haya tarehe 31 Januari 2017. Fundi wao, akidhani yuko kwenye seva ya pili, alifuta data ya kanzidata kwenye seva kuu, karibu gigabaiti 300. Walipokimbilia nakala za kila siku hawakukuta kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na la kanzidata, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa njiani. Walirudisha nakala ya saa sita nyuma ambayo fundi aliichukua kwa shughuli nyingine. Hazina za msimbo hazikuguswa. Kilichopotea ni cha kwenye kanzidata: takriban miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700.

Kwa hiyo usingoje seva ikuambie kwamba imeshindwa. Uliza wewe, kutoka mashine nyingine, kwa amri ya `restic snapshots`: nakala ya mwisho ni ya lini? Ikizidi saa 26, mtu apigiwe simu. Ukimya usihesabiwe kuwa ni heri.

Zoezi la mashine tupu

Kila baada ya miezi mitatu, timu yetu inachukua mashine tupu na kuijenga seva upya kutoka kwenye nakala. Kabla ya yote inaitenga na mtandao wa nje. Seva iliyofufuliwa inajiona ndiyo ya kweli: itatuma barua pepe kwa watumiaji na kupeleka taarifa kwenye mashine za wateja. Wakishaitenga, wanaweka Forgejo ya toleo lilelile linalotumika, wanamfungua mtumiaji `git`, wanarudisha mafaili kwa `restic restore latest --target /`, wanahakikisha mwenye folda ya data ni `git`, kisha wanaiwasha.

Ukurasa unafunguka, tiketi zinaonekana, na hapo wengi husema imekwisha. Lakini jaribu `git clone` kwa SSH: unajibiwa `Permission denied (publickey)`. Sababu ni lile faili la `authorized_keys`, ambalo liko kwenye folda ya nyumbani ambayo hatukuinakili. Funguo zenyewe zimo kwenye kanzidata, kwa hiyo faili huandikwa upya kwa amri moja:

```
sudo -u git forgejo -c /etc/forgejo/app.ini admin regenerate keys
```

Ni jambo la dakika moja kwa anayelijua. Kwa asiyelijua, siku ambayo seva halisi imekufa na mteja anapiga simu, linaweza kumla saa tatu. Zoezi lipo kwa ajili ya kuyaibua mambo kama haya wakati hakuna anayesubiri.

Kisha hufuata ukaguzi. Mtu mwenye uthibitisho wa hatua mbili anaingia, kwa sababu akikubaliwa tunajua `SECRET_KEY` imerudi sawa. Tunafungua tiketi ya zamani yenye picha. Tunaingia kwenye hazina kubwa kuliko zote na kuendesha `git fsck --full`, amri inayopitia kila kipande cha historia na kutaja kilichoharibika. Mwisho tunalinganisha namba ya badiliko la mwisho la tawi kuu, kwa `git rev-parse main`, na ile iliyokuwa kwenye seva halisi usiku wa nakala. Zikilingana, nakala hiyo imethibitika. Muda wote uliotumika huandikwa, maana ndiyo ahadi ya kweli unayoweza kumpa bosi wako.

Kupandisha toleo bila kupoteza kazi

Forgejo hutoa toleo kubwa kila baada ya miezi mitatu, na kati yake hutoa marekebisho madogo, mengi yakiwa ya usalama. Namba ya kwanza ikibadilika, kwa mfano kutoka 10 kwenda 11, jua kuna kitu kimebadilishwa ambacho kinaweza kuvunja ulichozoea, na maelezo yake lazima yasomwe. Namba ya mwisho ikibadilika, marekebisho ni madogo na hayafai kucheleweshwa. Timu ndogo inanufaika zaidi na matoleo ya msaada wa muda mrefu, kama 11.0 la Aprili 2025, ambayo huendelea kurekebishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Git yenyewe na mfumo wa mashine husasishwa kwa njia yao, kwa `apt` kama ni Debian, na havisasishwi kwa kupandisha Forgejo.

Kuiweka Forgejo mpya ni kubadilisha faili moja tu. Kinachobeba uzito ni kinachofuata: ikiwaka mara ya kwanza, inaibadilisha kanzidata iendane na toleo jipya, na hakuna amri ya kurudi nyuma. Ukirudisha faili la zamani, litakataa kuwaka na kueleza kwamba kanzidata ni ya toleo jipya zaidi. Njia ya kurudi ni nakala rudufu peke yake.

Kwa hiyo toleo kubwa lijaribiwe kwanza kwenye ile mashine ya zoezi, ambayo ina data yako halisi. Hapo utajua mabadiliko ya kanzidata yanachukua dakika ngapi na kama kuna mpangilio uliofutwa. Siku yenyewe, taarifu timu, zuia watu wasiingie, simamisha huduma, chukua nakala, badilisha faili baada ya kulinganisha `sha256sum` yake na ile iliyochapishwa na watengenezaji, washa, na ufuatilie kumbukumbu kwa `journalctl -u forgejo -f`. Kisha, mlango ukiwa bado umefungwa, fanya ukaguzi uleule wa zoezi: ingia, vuta, peleka, fungua tiketi.

Saa ya kuamua ni hiyo. Watu huogopa dakika ya kubadilisha faili, lakini mpaka hapo hujapoteza chochote: nakala ina umri wa dakika chache na hakuna aliyefanya kazi tangu uichukue. Mtu wa kwanza akishapeleka kazi kwenye toleo jipya, kurudi nyuma kutamaanisha kumfutia kazi yake. Basi jiwekee kikomo mapema, tuseme dakika 40. Kikomo kikifika na ukaguzi haujapita, rudisha nakala, fungua mlango kwa toleo la zamani, na utafute chanzo kesho ukiwa umetulia.

Mtu wa pili

Limebaki jambo moja ambalo mashine haiwezi kulitatua. Nenosiri la restic likipotea, nakala zote hazifunguki tena, na hakuna wa kumwomba akufungulie. Katika timu nyingi nenosiri hilo analijua mtu mmoja, yuleyule aliyeijenga seva. Liandikwe kwenye karatasi, lifungwe kwenye bahasha, liwekwe kwenye sefu ya ofisi, na nakala nyingine itunzwe nje ya jengo pamoja na hatua za kufufua seva.

Zoezi lijalo asilifanye aliyeijenga seva. Apewe mwenzake bahasha, karatasi ya hatua na mashine tupu, naye mjenzi akae pembeni asijibu swali lolote. Kila mahali mwenzake atakapokwama ni mstari unaokosekana kwenye ile karatasi, na uongezwe siku hiyohiyo. Mtu wa pili akifika mwisho bila kuuliza, timu inaweza kusema ina seva yake, hata kama aliyeijenga atapata kazi kwingine mwezi ujao.